Slaidi Sita za Kumlinda Mtumiaji wa Simu dhidi ya Ujumbe wa Kitapeli Bila Kumwandikia Tapeli Nakala

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu anayetaka kuandaa slaidi za kutelezesha kwa kidole, zile zinazopakiwa Instagramu au kutumwa kwenye makundi ya WhatsApp, ili kuwafundisha watumiaji wa simu nchini Tanzania kuutambua ujumbe wa kitapeli. Huenda wewe ni mwalimu, katibu wa kikoba, wakala wa pesa, au kijana ambaye ukoo mzima humtegemea kwa mambo ya simu. Nimechagua aina moja tu ya utapeli, nayo ni ile ya pesa inayodaiwa kuingia kwako kimakosa, kwa sababu huwapata zaidi watu waaminifu na kwa sababu inaonyesha vizuri ugumu wa kazi yenyewe: ukieleza kidogo mno hakuna anayejifunza, na ukieleza kupita kiasi umemwandikia mtu mwingine maneno ya kwenda kutapelia.

Hatua ya kwanza: amua kufundisha ombi, usifundishe maneno

Slaidi nyingi za tahadhari hubandika ujumbe wa tapeli mzima mzima, kuanzia jina la mtumaji hadi nukta ya mwisho, kisha huuzungushia duara jekundu. Njia hiyo ina hasara mbili. Kwanza, yeyote anayetaka kuanza kazi hiyo chafu amepata maandishi yaliyokwisha kujaribiwa, na duara jekundu limemwonyesha kasoro za kurekebisha. Pili, msomaji mwema hukariri sura ya ujumbe ule mmoja, na ukimjia mwingine wenye maneno tofauti huuona ni salama kwa kuwa haufanani na ule aliofundishwa.

Kwa sababu hiyohiyo, usiwafundishe watu kuutambua utapeli kwa makosa ya tahajia. Ujumbe unaomwomba mtu atume pesa kwenye namba nyingine, ambao karibu kila mwenye simu Tanzania ameupokea, ni mfupi na mara nyingi hauna kosa lolote. Humnasa mtu ambaye siku hiyo alikuwa kweli anajiandaa kulipa kodi ya nyumba au ada. Wakati huohuo, jirani yako mwaminifu anaweza kukuandikia kwa vifupisho visivyosomeka. Herufi si ushahidi wa uaminifu wala wa udanganyifu.

Jambo ambalo tapeli hawezi kulibadilisha ni lile analolihitaji kutoka kwako. Anaweza kubadili jina, kiasi, lugha na kisingizio, lakini mwisho wa yote ni lazima akuombe ufanye mojawapo ya mambo matatu: utume pesa, umpe namba ya siri au tarakimu ulizotumiwa, au ubonyeze namba anazokusomea huku simu ikiwa hewani. Slaidi zako zisimame juu ya maombi hayo matatu pamoja na njia ya kuhakiki. Njia hiyo unaweza kuieleza kwa ukamilifu bila hofu, kwa kuwa tapeli hafaidiki kitu kwa kujua kwamba mtu ameangalia salio lake.

Hatua ya pili: elewa jinsi pesa inavyorudishwa kweli

Kabla ya kuandika neno hata moja, hakikisha unaelewa jambo unalolifundisha. Mtu anapotuma pesa kwa namba isiyo sahihi, utaratibu halali ni yeye aliyetuma kuwasiliana mara moja na huduma kwa wateja ya mtandao wake, ambayo kwa Tanzania hupatikana kwa kupiga 100. Mtandao huangalia muamala, na ikiwa pesa bado ipo huweza kuizuia na kuirejesha ilikotoka. Anayepaswa kuanzisha jambo hilo ni mtumaji, wala mpokeaji hahitaji kutuma chochote kwa mkono wake.

Katika utapeli tunaouzungumzia, mara nyingi hakuna pesa yoyote iliyoingia. Mhusika amepokea ujumbe unaofanana na taarifa ya muamala, kisha anapigiwa simu na mtu mwenye sauti ya huzuni au ya hasira anayeomba arudishiwe. Mpokeaji akirudisha, anatoa pesa yake mwenyewe. Lakini kuna wakati pesa huwa imeingia kweli, na hapo ndipo waandaaji wengi wa slaidi hukosea kwa kusema tu “angalia salio”. Mpokeaji ameangalia, ameona pesa ipo, ameirudisha kwa moyo safi, na baadaye mtumaji ameomba mtandao umrejeshee muamala uleule wa kwanza. Aliyerudisha ametoa pesa hiyo mara mbili ilhali aliipokea mara moja. Kwa hiyo somo lako ni lazima liwe na njia mbili, moja ya salio lisilobadilika na nyingine ya salio lililoongezeka, na ile ya pili ndiyo inayohitaji maneno ya uangalifu zaidi.

Hatua ya tatu: andika maneno ya slaidi kabla ya kuchora

Andika kwanza kwenye karatasi au kwenye ujumbe wa kawaida, ukijilazimisha kutumia sentensi mbili au tatu kwa kila slaidi. Huu ndio mfano ninaoupendekeza, pamoja na sababu zake.

Slaidi ya kwanza: “Umepata ujumbe wa pesa ambayo hukuitarajia? Usijibu, usitume. Angalia salio lako kwanza.” Tambua kwamba slaidi inaanza na kitendo sahihi, wala haimnukuu tapeli. Watu wengi huishia kwenye slaidi ya kwanza, na picha hiyo ndiyo itakayosambazwa peke yake. Ikiwa imebeba maneno ya tapeli kwa herufi nzito, ndiyo hayo yatakayobaki kichwani.

Slaidi ya pili inaeleza jinsi ya kuangalia salio: “Fungua menyu mwenyewe. Usitumie namba wala kiungo kilichomo ndani ya ujumbe.” Chini yake weka namba za menyu zilizo kamili, kila moja kwenye mstari wake:

```
M-Pesa          *150*00#
Mixx by Yas     *150*01#
Airtel Money    *150*60#
HaloPesa        *150*88#
```

Namba hizi zichape tarakimu kwa tarakimu, kisha zipige mwenyewe au uwaombe wenye laini husika wazipige kabla hujapakia, kwa kuwa slaidi ya tahadhari yenye namba isiyo sahihi ni hatari kuliko kutokuwapo slaidi. Ongeza sentensi moja: “Jina linaloonekana juu ya ujumbe si ushahidi; salio ndilo ushahidi.” Usieleze kwa nini jina si ushahidi. Maelezo ya namna watu wanavyoghushi jina la mtumaji hayamsaidii bibi aliyeko Korogwe kulinda pesa zake, ila yanamsaidia mtu anayetafuta namna hiyo.

Slaidi ya tatu: “Salio halijabadilika? Hakuna pesa iliyoingia, kwa hiyo hakuna pesa ya kurudisha. Kata simu.” Hapa hakuna haja ya kuongeza neno.

Slaidi ya nne ndiyo moyo wa kazi nzima. Rasimu ya kwanza ya waandaaji wengi husema, “Salio limeongezeka? Usirudishe.” Nilipokuwa nikisaidia kikundi cha akina mama wa kikoba kupitia slaidi za namna hii, mama mmoja alishika simu kwa muda, akaisogeza mbali kidogo na macho, kisha akauliza, “Mwanangu, mmeandika nisirudishe. Sasa mtu akikosea kweli, nimle pesa yake?” Swali hilo lina uzito kuliko kasoro zote za rangi na herufi. Mtu muungwana hatafuata maelekezo yanayomfanya ajione mwizi, na tapeli anaishi kwa kutegemea uungwana huo. Ndiyo maana slaidi inapaswa kumpa msomaji njia ya kurudisha haki ya mwenzake bila kujiweka hatarini: “Salio limeongezeka? Usiitumie pesa hiyo, na usiirudishe kwa mkono wako. Mwambie aliyetuma: ‘Piga 100 kwenye mtandao wako, watakurudishia.’ Kisha nawe piga 100 utoe taarifa.” Maneno ya kumjibu yameandikwa kamili kwa makusudi, kwa kuwa mtu anayefokewa kwenye simu hawezi kutunga sentensi. Ukiangalia vizuri, maneno pekee yanayofaa kunakiliwa katika slaidi zote ni haya ya kumjibu tapeli.

Slaidi ya tano inapanua somo ili lisiishie kwenye aina moja ya utapeli: “Yeyote atakayekuomba moja ya haya matatu kwa simu au ujumbe, kata: kutuma pesa usiyokuwa umepanga, kutaja namba ya siri au tarakimu ulizotumiwa, kubonyeza namba anazokusomea. Hata akijitambulisha kuwa ni mfanyakazi wa mtandao, kata, kisha upige 100 mwenyewe.” Neno “mwenyewe” liwekwe kwa rangi tofauti. Kukata na kupiga upya ndiko kunakomtoa mtu mikononi mwa aliyempigia.

Slaidi ya sita ni ya yule ambaye tayari ameshatuma, na mara nyingi husahaulika kabisa: “Umeshatuma? Piga 100 sasa hivi, ueleze muamala na uombe uzuiwe. Usifute ujumbe. Toa taarifa 15040 na kituo cha polisi.” Namba 15040 imewekwa kwa ajili ya kupokea taarifa za ujumbe wa kitapeli Tanzania: unaupeleka ujumbe huo huko, kisha unawasilisha namba ya simu iliyoutuma. Katika slaidi hii usimpe mtu ahadi kwamba pesa itarudi. Ikiwa imeshatolewa kwa wakala, mtandao hauna cha kuzuia, na ndiyo sababu ya kusisitiza haraka. Tumia lugha isiyomlaumu, kwa maana mtu aliyeaibishwa hukaa kimya, na ukimya wake unampa tapeli muda wa kutoa pesa.

Hatua ya nne: kama ni lazima kuonyesha ujumbe, uharibu kwanza

Wapo watakaokuambia kwamba bila picha ya ujumbe halisi hakuna atakayeelewa. Kwa maoni yangu slaidi sita zilizotajwa zinajitosheleza, ila ukilazimika, fuata utaratibu huu. Usitumie picha ya skrini iliyopigwa kwa mtu aliyetapeliwa. Chora kisanduku cha ujumbe upya, na ndani yake weka mistari ya kijivu badala ya maneno. Mahali pa ombi pekee andika maelezo yako mwenyewe kwa mabano ya mraba, kwa mfano “[hapa anakuomba utume pesa]”. Msomaji ataona ujumbe unavyojipanga na ombi linapokaa, wala hakuna sentensi ya kunakili.

Andika maneno “MFANO WA UTAPELI” kwa mshazari, yakipita katikati ya kisanduku hicho. Watu huyaweka pembeni ili picha ipendeze, lakini cha pembeni hukatwa kwa mkono mmoja, na baada ya hapo picha yako inazunguka kwenye makundi kana kwamba ni taarifa ya kweli ya mtandao wa simu.

Kuhusu kufunika namba na majina, kuna kosa ambalo halionekani kwa macho. Kalamu ya kuchorea iliyomo kwenye programu ya picha ya simu, hasa ile ya kupaka alama, haifuniki kikamilifu; mtu akiongeza mwangaza wa picha, namba iliyopakwa mara moja inaweza kusomeka. Ukungu nao si kinga ya kutegemewa kwa tarakimu. Weka mstatili wenye rangi nzito isiyopitisha kitu, hifadhi kama picha mpya, kisha uifungue picha hiyo mpya na kuongeza mwangaza hadi mwisho ili ujiridhishe.

Namba ya anayedhaniwa kuwa tapeli usiichapishe, hata kama hasira inakusukuma. Tangu mwaka 2019 laini za Tanzania husajiliwa kwa alama za vidole, na bado kuna laini zilizosajiliwa kwa utambulisho wa watu ambao hawajui lolote. Unaweza kumwanika mwanakijiji aliyesajiliwa laini ya pili bila kufahamu, na namba ya simu ya mtu inalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Peleka namba hiyo 15040. Kama unataka kuongeza jambo la manufaa, wakumbushe wasomaji kupiga *106# ili waangalie laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chao.

Hatua ya tano: umbo la slaidi

Pikseli 1080 kwa 1350 ni vipimo vinavyofaa kwa sababu vinachukua sehemu kubwa ya skrini ya simu iliyosimama. Kwa upana huo, usishuke chini ya pikseli 40 kwa urefu wa herufi ndogo kabisa, kwa kuwa wasomaji unaowakusudia wana simu ndogo, vioo vilivyopasuka na wengine macho yamechoka. Tumia herufi nyeusi juu ya rangi nyepesi. Epuka rangi na nembo za kampuni za simu: slaidi inayofanana na tangazo la mtandao inamzoesha msomaji kuamini kitu kwa sababu ya rangi yake, na zoea hilo ndilo unalopigana nalo.

Kila slaidi ijitegemee. Kwenye WhatsApp picha hutumwa mojamoja, na ya tatu inaweza kumfikia mtu ambaye hajawahi kuiona ya kwanza; kwake “Kata simu” pekee bila “Salio halijabadilika?” haina maana. Usigawanye sentensi moja katika slaidi mbili kwa ajili ya kumvuta mtu ateleze mbele. Vilevile andika maelezo ya picha kwa maandishi chini ya posti, yakirudia maneno ya slaidi zote sita, ili asiyeona vizuri asomewe na simu yake na mwenye bando dogo apate somo bila kupakua picha.

Kama wasomaji wako wako Kenya, usibadilishe nchi kwa kugeuza bendera tu. Namba 100 na 15040 ziondolewe zote. Kwa mteja wa Safaricom menyu ni *334#, aliyetuma kimakosa hupeleka ujumbe wa muamala kwenda 456 ili kuomba urejeshwe, na ujumbe wa kitapeli hupelekwa 333. Tengeneza seti nyingine kabisa, kwa sababu slaidi moja yenye namba za nchi mbili humchanganya mtu aliyekwisha kutaharuki.

Hatua ya sita: zijaribu kabla ya kuzipakia

Mtafute mtu mmoja au wawili ambao si wa rika lako na ambao hawakushiriki kuandaa. Mwonyeshe slaidi moja, hesabu hadi tano kimoyomoyo, ficha simu, kisha umuulize, “Ungefanya nini?” Usimuulize kama ameipenda, kwa sababu kwa heshima atasema ni nzuri. Akikujibu kwa kueleza alivyo tapeli badala ya kueleza atakachofanya, slaidi ina maneno mengi ya tapeli na machache ya msomaji. Akisema atampigia aliyetuma ujumbe ili kumuuliza, sentensi ya “mwenyewe” haijaonekana, iongezee ukubwa.

Jaribio la pili ni la upande wa tapeli. Soma slaidi zote sita ukijifanya mtu anayetaka kutapeli kesho asubuhi, na ujiulize ni sentensi ipi ungeweza kuichukua na kuituma kama ilivyo. Kama ipo hata moja, iandike upya iwe maelezo ya ombi. Kisha jiulize ni kasoro ipi umemfundisha kuirekebisha. Orodha ya “ishara za ujumbe bandia” yenye vitu kama nafasi kati ya tarakimu au mpangilio wa tarehe inamfaa yeye kuliko msomaji wako, na inapaswa kuondolewa.

Baada ya kupakia

Ndani ya saa chache watu wataanza kubandika kwenye maoni ujumbe walioupokea wao, mzima, pamoja na namba. Wanafanya hivyo kwa nia njema, lakini maoni yako yanageuka kuwa ghala la vielelezo. Andika maoni ya kwanza wewe mwenyewe na uyabandike juu: “Tafadhali tuelezee aliomba nini, usinakili ujumbe wala namba. Ujumbe wenyewe upeleke 15040.” Yale yaliyonakiliwa yafiche, kisha umjibu mhusika kwa staha ukimweleza sababu. Angalia pia wanaojitokeza wakidai kwamba wanaweza kumrudishia mtu pesa yake kwa malipo kidogo. Huwafuata waliokwisha kutapeliwa, na maoni ya namna hiyo yafutwe papo hapo.

Katika kona ya chini ya kila slaidi weka mwezi na mwaka wa kuandaliwa. Majina ya huduma hubadilika, kama Tigo Pesa ilivyogeuka kuwa Mixx by Yas, na mtu anayekutana na picha yako miaka miwili baadaye anahitaji kujua kwamba ni ya zamani kabla hajapiga namba iliyomo. Namba za menyu, 100 na 15040 zihakiki upya kila unapotaka kuisambaza tena, na ukikuta moja imebadilika, toa seti mpya ya slaidi zote sita badala ya kurekebisha ile moja.